Mawimbi ya Elliott: Sheria Zisizovunjika, Hesabu Zisizokubaliana

Novemba 10, 2021, bitkoini moja ilifika takriban dola 69,000 za Marekani, bei ambayo ilikuwa haijawahi kuonekana. Siku hiyo ungeweza kuwaketisha wachambuzi watatu wa mawimbi mbele ya chati moja ya BTCUSD ukapata majibu matatu. Mmoja angekuambia kwamba safari ya kupanda ndiyo kwanza inaanza. Wa pili angesema imefika mwisho. Wa tatu angeshikilia kwamba ilikwisha tangu Aprili, na kilele hiki kipya ni sehemu ya kushuka. Wote wangekuwa wamefuata sheria zilezile, na hakuna hata mmoja ambaye angekuwa amezivunja.

Anayekutana na mbinu hii kwa mara ya kwanza, pengine kwenye kundi la simu la wanaouza na kununua fedha za kigeni au sarafu za kidijiti, hupata picha tofauti. Huletewa chati iliyobandikwa namba 1 hadi 5 na herufi A, B, C, pamoja na maneno ya uhakika: tumemaliza la nne, sasa linakuja la tano. Akiuliza uhakika huo umetoka wapi, huambiwa kuna sheria ambazo soko halizivunji.

Sheria hizo zipo kweli, na ni kali. Lakini kazi yake ni kukataza. Zinakuambia hesabu ipi haiwezekani, kisha zinanyamaza. Kati ya hesabu zinazobaki, anayechagua ni mtu. Asiyeitambua tofauti hiyo huchukua maoni ya mwenzake akadhani ni kanuni ya maumbile, na huo ndio mlango wa hasara.

Mhasibu na chati za Dow Jones

Ralph Nelson Elliott alizaliwa mwaka 1871 huko Kansas, Marekani. Alikuwa mhasibu, na miaka mingi ya kazi yake aliitumia kwenye makampuni ya reli huko Meksiko na Amerika ya Kati. Maradhi yalimlazimisha kuacha kazi, na akiwa Los Angeles katika miaka ya 1930 akaanza kuzichambua bei za hisa za New York, kuanzia chati za mwaka mzima hadi za nusu saa. Mwaka 1938 alichapisha kitabu kilichoeleza alichokiona. Alifariki mwaka 1948. Miaka thelathini baadaye, mwaka 1978, A. J. Frost na Robert Prechter walitoa kitabu kilichozipanga sheria zake kwa namna inayotumika hadi leo.

Wazo lenyewe halina ugumu. Elliott alisema bei inapokwenda na mwelekeo mkuu, huenda kwa mawimbi matano: la kwanza, la tatu na la tano husonga mbele, la pili na la nne hurudi nyuma. Mawimbi hayo matano kwa pamoja huitwa msukumo. Yakishakamilika, bei hurudi kwa mawimbi matatu yanayoandikwa A, B, C, nayo huitwa marekebisho. Kisha mzunguko huanza tena.

Jambo linaloleta utajiri na taabu kwa pamoja ni kwamba kila wimbi lina mawimbi madogo ndani yake. Wimbi la kwanza ukilitazama kwa karibu lina matano yake, na la pili lina matatu yake. Ukitoka kwenye chati ya mwezi ukaenda ya wiki, ya siku na ya saa, umbo hilohilo hujirudia. Ngazi hizo huitwa madaraja, na kila namba unayoiandika ni lazima iwe ya daraja fulani.

Sheria tatu za msukumo

Chukua bidhaa inayoanza kupanda kutoka shilingi 100 hadi 140. Tuseme hilo ni wimbi la kwanza.

Sheria ya kwanza inasema wimbi la pili halirudishi zaidi ya asilimia 100 ya wimbi la kwanza. Bei inaweza kushuka hadi 120, hadi 105, hata hadi 101, na hesabu ikabaki hai. Ikigusa 99, hesabu imekufa. Sababu yake inaeleweka hata bila chati: ukisema mwelekeo mpya ulianzia 100, halafu bei ikaenda chini ya 100, basi mwelekeo huo ulikuwa haujaanza.

Sheria ya pili inasema wimbi la tatu haliwi fupi kuliko yote matatu yanayosonga mbele. Hapa wengi huteleza. Sheria haisemi la tatu lazima liwe refu kuliko yote, ingawa mara nyingi huwa hivyo. Inasema tu kwamba la kwanza na la tano hayawezi yote mawili kulizidi. Matokeo yake ni ya manufaa. Kama wimbi la kwanza lilikuwa la shilingi 40 na la tatu likawa la shilingi 30, basi la tano haliwezi kuzidi 30. Kabla wimbi la tano halijaanza, tayari unajua bei ambayo ikipitwa, namba zako zote ni za kufutwa.

Sheria ya tatu inasema wimbi la nne haliingii kwenye eneo la wimbi la kwanza. Kilele cha la kwanza kilikuwa 140, kwa hiyo la nne linaposhuka ni lazima likomee juu ya 140. Sheria hii ndiyo inayoua hesabu nyingi zaidi, kwa sababu wimbi la nne mara nyingi ni refu kwa muda, linayumbayumba, na hulivuta soko chini kidogo kidogo.

Hata hivyo, sheria ya tatu ina mlango wa pembeni. Kuna umbo linaloitwa mshazari, ambapo bei hupanda ndani ya mistari miwili inayokaribiana, na humo wimbi la nne huruhusiwa kuingia eneo la la kwanza. Mshazari haukubaliki popote tu: hukaa mwanzoni mwa safari, kwenye wimbi la kwanza au A, ama mwishoni, kwenye wimbi la tano au C. Frost na Prechter waliongeza pia kwamba kwenye masoko ya mikataba ya mbele, ambako watu hufanya biashara kwa fedha za mkopo, bei inaweza kuingia eneo hilo kwa muda mfupi ndani ya siku. Hivyo sheria kali kuliko zote tayari ina nafasi ya majadiliano.

Nje ya hizi tatu kuna mambo mengi yanayotajwa kama sheria lakini si sheria. Kwamba wimbi la pili hurudi asilimia 61.8, kwamba la tatu huwa mara 1.618 ya la kwanza, kwamba la pili likiwa kali basi la nne huwa tulivu: yote hayo ni miongozo. Hutokea mara nyingi, na siku isipotokea hakuna kilichovunjika. Ukimsikia mtu akisema bei lazima igeuke kwenye 61.8, ujue ameupa mwongozo cheo ambacho si chake.

Marekebisho: sheria chache, maumbo mengi

Upande wa marekebisho, sheria kubwa ni moja: marekebisho hayawi ya mawimbi matano peke yake. Bei ikishuka kwa mawimbi matano yaliyokamilika dhidi ya mwelekeo mkuu, hayo si mwisho wa marekebisho. Ni sehemu yake tu, kwa kawaida wimbi A, na kushuka kwingine kunafuata baada ya B.

Kisha kila umbo lina masharti yake. La kwanza ni zigizaga: A ina mawimbi matano, B matatu, C matano. Hapa B haiwezi kupita pale A ilipoanzia. La pili ni bapa: A ina matatu, B matatu, C matano. Kwenye bapa, B hurudisha karibu njia yote ya A, kwa kipimo cha kawaida angalau asilimia 90, na inaruhusiwa hata kupita mwanzo wa A. Ikiupita, kisha C ikashuka chini ya mwisho wa A, umbo huitwa bapa lililopanuka. La tatu ni pembetatu, yenye mawimbi matano A hadi E, kila moja likiwa na matatu ndani yake, na haikubaliki kusimama peke yake kama wimbi la pili.

Zingatia kinachotenganisha zigizaga na bapa. Ni hesabu ya ndani ya A: ina matano au matatu? Jibu la swali hilo dogo ndilo linaloamua kama B inaweza kupita mwanzo wa A au la. Na kwenye chati halisi, swali hilo ndilo gumu kuliko yote.

Juu ya hayo, maumbo huweza kuunganishwa mawili au hata matatu, yakitenganishwa na wimbi linaloandikwa X. Muunganiko ukisharuhusiwa, karibu kila mwendo wa kuyumba unaweza kupewa jina halali. Kwenye msukumo sheria hubana. Kwenye marekebisho hulegea, na huko ndiko wachambuzi wengi hupotezana.

Chati moja, kutoka 2018 hadi 2022

Tuirudie bitkoini, maana bei zake ziko wazi kwa kila mtu mwenye simu. Takwimu hizi ni za kukaribia, kwani kila soko la kidijiti huandika bei yake.

Desemba 2018 bei ilikuwa chini kabisa, kwenye dola 3,150 hivi. Juni 2019 ikafika 13,880. Machi 13, 2020, katika hofu ya janga la korona, ikaporomoka hadi karibu 3,850. Kisha ikapanda bila kutazama nyuma hadi 64,800 katikati ya Aprili 2021, ikashuka hadi 28,800 Juni 22, na Novemba 10 ikafika 69,000.

Bandika namba. Wimbi la kwanza: 3,150 hadi 13,880. La pili: chini hadi 3,850. Sheria ya kwanza imepona, lakini kwa tofauti ya dola mia saba tu. La tatu: hadi 64,800, refu mno, kwa hiyo sheria ya pili haina shida. La nne: chini hadi 28,800, juu sana ya 13,880, kwa hiyo sheria ya tatu nayo imetimia. Kila kitu ni safi. Swali ni 69,000 ni nini.

Kabla ya kulijibu, tulitazame kwa karibu lile anguko la Aprili hadi Juni 2021. Kutoka 64,800 bei ilishuka hadi 47,000 Aprili 25, ikarudi hadi 59,500 mapema Mei, ikaanguka hadi 30,000 Mei 19, ikapanda hadi 41,000 katikati ya Juni, kisha ikamalizia kwenye 28,800. Je, ni mawimbi matano? Jaribu. La kwanza ni dola 17,800. La pili halikufika 64,800. La tatu ni dola 29,500, refu kuliko yote. La nne lilipanda hadi 41,000 bila kufika 47,000, pale la kwanza lilipoishia. La tano ni dola 12,200. Sheria zote tatu zimetimia, hivyo ni matano.

Sasa jaribu matatu. A ni hadi 47,000. B ni hadi 59,500. C ni kuanzia hapo hadi 28,800, na lile anguko la Mei pamoja na myumbo wa Juni ni mawimbi madogo ya ndani ya C. Hilo nalo linakubalika. Bei ni zilezile, tarehe ni zilezile, na hesabu mbili zinazopingana zote ni halali.

Anayesema ni matano alikuwa na njia moja ya kuendelea: hii ni A ya zigizaga, B inakuja, kisha kutakuwa na anguko jingine kubwa. Hesabu yake ilikuwa na mpaka ulio wazi: B isipite 64,800. Oktoba 20, 2021 bei iliupita mpaka huo ikaenda karibu 67,000, na siku hiyo hesabu yake ilikufa. Hapakuwa na nafasi ya mabishano. Hapa ndipo sheria inapoonyesha thamani yake: mtu aliyeuza akitumaini anguko alijua kwa namba moja kwamba amekosea.

Walibaki waliohesabu matatu, nao Novemba waligawanyika katika makundi matatu.

Kundi la kwanza lilisema kushuka kote hadi 28,800 ni wimbi la nne lililokamilika, na kupanda hadi 69,000 ni kipande cha kwanza tu cha wimbi la tano. Kutakuwa na marejeo kidogo, kisha bei itaendelea mbali zaidi ya hapo. Mpaka wao: marejeo hayo, yakiwa ni wimbi dogo la pili, hayawezi kushuka chini ya 28,800.

Kundi la pili lilisema wimbi la tano limekamilika pale 69,000. Ni dola 40,200, fupi kuliko la tatu na refu kuliko la kwanza, halina kosa. Msukumo mzima umekwisha na marekebisho makubwa yanaanza. Mpaka wao: bei ikienda kwa nguvu juu ya 69,000 kabla ya marekebisho kuonekana, wamekosea.

Kundi la tatu liliuweka mwisho wa msukumo mzima Aprili, kwa kuyapanga mawimbi madogo ya kupanda kwa namna nyingine. Kwao, 64,800 hadi 28,800 ni A yenye mawimbi matatu, 69,000 ni B iliyopita mwanzo wa A, na kinachofuata ni C ya bapa lililopanuka, itakayoshuka chini ya 28,800.

Bei ilishuka hadi karibu 33,000 Januari 2022, ikapanda hadi 48,000 mwishoni mwa Machi, na katikati ya Mei ikakata 28,800. Hapo kundi la kwanza lilitoka uwanjani, kwa sheria ya kwanza kabisa. Kushuka kukaendelea hadi takriban 15,500 Novemba 2022.

Je, nani alikuwa sahihi kati ya kundi la pili na la tatu? Hadi leo hakuna sheria inayoweza kujibu. Kwa kundi la pili, kutoka 69,000 ni A, B, C iliyo wazi: 33,000, 48,000, 15,500. Kwa kundi la tatu, bapa lililopanuka limekamilika vizuri, B ikiwa asilimia 112 ya A, na C takriban mara moja na nusu ya A. Hesabu zote mbili zimesimama.

Na lilipopita jambo, ikazaliwa hesabu ya nne. Kutoka 3,850 hadi 69,000 kote, wengine walisema, ni wimbi la tatu la daraja kubwa, na 15,500 ni mwisho wa la nne. Tazama kwamba 15,500 iko juu ya 13,880, kilele cha wimbi la kwanza, kwa dola 1,600 hivi. Sheria ya tatu imepona kwa upenyo mdogo, na bei ilipopita 69,000 Machi 2024, hesabu hiyo ikapata watetezi wapya.

Hitilafu inatoka wapi

Chanzo cha kwanza ni mahali pa kuanzia. Hakuna sheria inayosema wimbi la kwanza linaanzia bonde gani. Waanzilishi wenyewe hawakukubaliana. Dow Jones ilifunga kwenye 41.22 Julai 8, 1932, bei ya chini kuliko zote za Mdororo Mkuu. Elliott, katika maandishi yake ya miaka ya mwisho, alishikilia kwamba kuanzia 1928 hadi 1942 soko lilichora pembetatu ya miaka 13, na kupanda kupya kulianza 1942, Dow Jones ikiwa juu ya 90. Frost na Prechter waliliweka bonde hilo kwenye 1932. Tofauti ni ya miaka kumi, na namba zote za baadaye hubadilika kulingana na chaguo hilo. Mwanafunzi alimpinga mwalimu kwa hoja za umbo, wala si kwa sheria iliyovunjwa.

Chanzo cha pili ni daraja. Kundi la kwanza na la pili mwaka 2021 waliliona wimbi lilelile la kupanda hadi 69,000 likiwa na umbo lilelile. Kilichowatenganisha ni kama ni wimbi zima la tano au ni kipande chake cha kwanza. Sheria hupima mawimbi ya daraja moja yakilinganishwa, lakini hakuna kipimo cha dola wala cha siku kinachosema hili ni daraja gani.

Chanzo cha tatu ni kipimo cha chati chenyewe. Fikiria hisa iliyopanda kutoka 10 hadi 20, ikashuka hadi 16, ikapanda hadi 27, ikashuka hadi 21, ikamalizia 36. Kwa shilingi, mawimbi yanayosonga mbele ni 10, 11 na 15. La kwanza ndilo fupi, hesabu ni halali. Kwa asilimia, mawimbi hayohayo ni 100, 69 na 71. Sasa la tatu ndilo fupi, na sheria ya pili imevunjwa. Anayetumia chati ya kawaida na anayetumia chati ya logi, inayopima kwa asilimia, watahukumu tofauti. Vivyo hivyo kwa anayesoma bei ya kufunga siku na anayesoma ncha ya mshumaa, ile bei iliyoguswa kwa dakika chache tu. Machi 13, 2020 masoko mbalimbali ya bitkoini yaliandika bei ya chini kabisa zikitofautiana kwa mamia ya dola. Kwa hesabu iliyopona kwa dola mia saba, tofauti hiyo si ndogo.

Chanzo cha nne ni mtu mwenyewe. Aliyekwisha kununua huiona haraka ile hesabu inayopanda. Kwa kuwa sheria zimeacha hesabu mbili au tatu zikiwa hai, hakuna kinachomzuia kuchagua anayoipenda, na atakuwa anasema kweli akidai hakuvunja sheria.

Ndiyo maana ni lazima kutenganisha vitu viwili vinavyochanganywa mara kwa mara. Hesabu moja iliyoandikwa kabla ya tukio inaweza kuthibitika kuwa si kweli: 64,800 ilipitwa, 28,800 ilikatwa, basi. Mbinu nzima haiwezi kuthibitika hivyo, kwa sababu kila hesabu inayokufa hurithiwa na nyingine iliyo halali. Mchambuzi anayekuonyesha jinsi chati ya miaka mitano iliyopita inavyotii sheria hajathibitisha kitu, maana karibu chati yoyote inaweza kubandikwa namba baada ya mambo kupita. La maana ni alichokiandika kabla, pamoja na bei ambayo alisema ingemfanya akubali kwamba amekosea.

Namna ya kuipokea hesabu ya mtu

Kwa hiyo ukiletewa chati yenye namba, anza na swali la mpaka: bei gani ikiguswa, hesabu hii inakufa, na kwa sheria ipi? Kama jibu ni mwongozo, kwa mfano kwamba bei haitarajiwi kupita 61.8, huo si mpaka. Kama hakuna jibu, hiyo si hesabu, ni matumaini yaliyovikwa namba.

Swali la pili ni hesabu mbadala. Kwa mtu anayeijua kazi hii, chati yenye hesabu moja tu ni kazi nusu. Mwambie akupe ya pili inayotii sheria zote, kisha uangalie hizo mbili zinakubaliana wapi. Novemba 2021 kundi la pili na la tatu walibishana kuhusu Aprili, lakini wote wawili walisema bei inashuka. Kwa mtu aliyetaka kujua auze au abaki, ubishi wao haukuwa na uzito. Uzito ulikuwa kwenye tofauti kati yao na kundi la kwanza, na tofauti hiyo ilikuwa na namba moja ya kuiamua: 28,800.

Swali la tatu ni la mfuko. Aliyenunua kwa 69,000 akiamini hesabu ya kundi la kwanza alikuwa na mpaka halali, uliowekwa na sheria isiyovunjika. Lakini mpaka huo ulikuwa umbali wa asilimia 58 kutoka pale aliponunulia. Sheria ilimwambia kwa usahihi mahali ambapo angejua amekosea, na kufika mahali hapo kungemgharimu zaidi ya nusu ya fedha zake. Angeweza kushuka daraja akatafuta mpaka wa karibu zaidi kwenye mawimbi madogo, ila mipaka ya madaraja madogo hukatwa mara nyingi zaidi, hata pale ambapo hesabu kubwa iko sahihi.

Umbali kati ya bei unayonunulia na bei inayoua hesabu hupimwa kabla ya kununua, kwa shilingi zako mwenyewe. Ukiona huwezi kuipoteza fedha hiyo, iache biashara hiyo ipite, hata kama namba zimepangika vizuri na sheria zote tatu zimetimia.